Mchanga wa Saa Tatu, Mchanga wa Saa Tano

Chumba cha kitengo maalumu cha shule yetu, nje kidogo ya Kisumu upande wa barabara ya Ahero, kina vituo vitatu tu vya michezo ya hisi kwa watoto wenye usonji: mahali pa kubeba na kusukuma, beseni la kugusa, na pembe ya utulivu. Zamani vilikuwa saba. Kila kona ilikuwa na kitu kinachong'aa, kinacholia au kinachonukia, na watoto walikuwa wakirukaruka kutoka hiki hadi kile kama nzi. Tulipopunguza, kazi ilianza kuonekana. Hapa nitakaa zaidi kwenye beseni, kwa sababu ndilo kila kitengo huanza nalo na ndilo lenye makosa mengi.

Watu wengi hujaza beseni mahindi au maharagwe. Ni rahisi kupatikana, yana mlio mzuri yakimwagwa, na beseni la upana wa sentimita 50 linahitaji gorogoro tano au sita hivi. Sisi pia tulianza hivyo, na matatizo yakaja moja baada ya jingine. Punje ya mahindi inaingia puani bila shida, na ikishalowa inavimba, kwa hiyo kuitoa ni kazi ya hospitali. Ikivutwa hadi kwenye njia ya hewa ni hatari ya kifo. Maharagwe mabichi yana sumu ambayo hupotea tu yakichemshwa vizuri, na punje chache mbichi zinatosha kumtapisha mtoto. Halafu kuna fukusi: wiki ya sita hivi utaona unga chini ya beseni na wadudu wakitambaa. Mtu akikushauri utumie mahindi yaliyooza kwa kuwa hayaliwi tena, kataa kabisa. Kuvu hiyo ndiyo inayoleta sumukuvu, ile iliyoua watu 125 katika sehemu za Makueni, Kitui na jirani zake mwaka 2004, na mtoto wa kitengo hutia mkono mdomoni kila dakika.

Lakini lililotumaliza nguvu halikuwa fukusi. Ni mzazi mmoja aliyesimama mlangoni akatazama mahindi yakimwagika sakafuni, akauliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, hicho si chakula?" Katika miezi ya Aprili na Mei, ghala zikiwa zimekauka, swali hilo halina jibu la kitaalamu. Tuliyasaga yale mahindi mazima, tukayapikia watoto uji, tukahamia kwenye mchanga.

Mchanga wa mto unaouzwa kwa mafundi wa ujenzi unafaa, ila haufai ulivyo. Unaujaza kwenye ndoo hadi theluthi moja, unaongeza maji hadi karibu na ukingo, unakoroga kwa mkono hadi chini, unahesabu hadi kumi ili mchanga utulie, kisha unamwaga maji ya tope. Rudia mara tano au sita, mpaka uyaone maji yakiwa meupe na mkono wako chini yake. Anika juu ya turubai kwenye jua kali siku mbili, ukiugeuza, halafu upitishe kwenye chekecheke ya unga ili changarawe zibaki. Kurudia kuosha ndiko watu hukuruka, na ndiko kunakoamua kama mtoto ataupenda. Vumbi na tope zikibaki, mchanga unashika ngozi kama unga. Ukioshwa vizuri, unateleza.

Kina cha sentimita 6 kinatosha. Katika beseni la sentimita 50 hiyo ni zaidi kidogo ya nusu ya ndoo ya lita 20, kama kilo 19, na kwa uzito huo mtu mzima mmoja bado analibeba bila kuumia mgongo. Ukijaza zaidi, mtoto anafukia mikono hadi kwenye viwiko na kila anachokifanya kinamwagika. Beseni letu tumeliketisha ndani ya tairi kuukuu la gari dogo, kwa hiyo halipinduki hata likisukumwa kwa hasira, na chini ya tairi kuna turubai ya mita mbili kwa mbili. Kipindi kikiisha, watu wawili wanainua pembe nne na mchanga wote unarudi mahali pake. Usiku beseni linafunikwa kwa sinia zito. Paka wa jirani hawana haja ya kuelezwa mchanga ni wa nini, na kinyesi chao kina mayai ya minyoo. Mwisho wa mwezi mchanga unaoshwa upya.

Sasa nije kwa mtoto ambaye beseni hili lilitufundisha juu yake. Ni mvulana wa miaka saba, uzito kilo 22, hasemi ila maneno mawili matatu. Siku ya kwanza mbele ya mchanga alivuta mikono ndani ya shati, kama mtu anayesikia baridi. Msaidizi mgeni, kwa nia njema, akamshika kiganja na kukiweka mchangani ili "azoee". Mtoto hakulia. Alicheka. Alicheka kwa nguvu, mwili mzima ukitetemeka, akisimama kwa ncha za vidole, na msaidizi akadhani amefurahi, akamrudishia mkono mara ya pili. Kesho yake mtoto alifika mlangoni akakaa chini, akakataa kuingia. Ilichukua karibu wiki tatu kumrudisha chumbani.

Kicheko cha namna ile ni dalili inayodanganya kuliko zote. Mtoto mwenye furaha hucheka akiwa anakitazama kitu, na ukiacha, anakutaka uendelee. Aliyezidiwa hucheka huku macho yakitazama kando, pumzi imekuwa fupi, vidole vimekunjuka au vimekakamaa, na ukiacha, anasogea mbali. Njia ya kuhakiki ni hiyo hiyo: acha, ondoa mikono yako, hesabu kumi, uone anaelekea wapi. Dalili nyingine ya uongo ni utulivu. Mtoto aliyekuwa akizungukazunguka akinyamaza ghafla na kukodoa macho hajatulia, amejifunga.

Tulipozungumza na nyanya yake, ndiye anayemlea, alituambia jambo ambalo fomu zetu hazikuwa na nafasi yake. "Huyu ugali hali kwa mkono. Anataka kijiko. Watu wanasema tumemdekeza." Hapo ndipo picha ilianza kukaa sawa. Si mchanga peke yake, wala si ukaidi: ni vitu vinavyobaki kwenye ngozi ya kiganja. Mwongozo wa uchunguzi wa madaktari wa akili wa Marekani, toleo la tano la mwaka 2013, ndio ulioanza kuhesabu hisi zinazozidi au kupungua miongoni mwa dalili za usonji. Nyanya alikuwa ameliona kwenye sahani siku nyingi. Tangu hapo swali letu la kwanza kwa mlezi yeyote ni jinsi mtoto anavyokula, anavyooga na anavyovaa, kabla ya kuuliza anavyocheza.

Tulianza upya kwa umbali. Wiki ya kwanza beseni lilikuwa mita mbili kutoka alipoketi, na mtoto mwingine ndiye aliyecheza. Kisha akapewa mwiko wa kusongea, ule mrefu, avutie mchanga akiwa amesimama. Baada ya mwiko kikaja kijiko cha mezani, na baada ya kijiko kifuniko cha mtungi, ambacho kinalazimisha ncha za vidole kugusa. Pembeni pake kulikuwa na taulo ndogo yenye unyevu na nyingine kavu, wakati wote. Watu hudhani taulo inamzoeza mtoto kukimbia. Kwetu ilikuwa kinyume: alipojua anaweza kufuta mkono muda wowote, alianza kuuacha na mchanga sekunde kumi, ishirini, dakika.

Halafu maendeleo yakaanza kuyumba. Siku moja anacheza dakika nane, siku ya pili anatupa kijiko na kuuma mkono wake. Hapa ndipo daftari lilituokoa. Ni daftari la kawaida la kurasa 96, lenye safu nne zilizochorwa kwa rula: saa, kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Hatuandiki "alikuwa msumbufu", kwa sababu neno hilo halikuambii lolote kesho. Tunaandika "alitupa kijiko, akauma kifundo cha mkono wa kulia, akaenda mlangoni". Baada ya siku kumi na mbili tulisoma safu ya saa kutoka juu hadi chini. Vipindi vya saa tatu asubuhi vilikuwa vizuri karibu vyote. Vya saa tano vilikuwa vibaya karibu vyote.

Tofauti ya saa tatu na saa tano ni nini? Mawazo mawili yalijitokeza. La kwanza ni kelele: karibu saa tano shule nzima hutoka kwenda mapumzikoni, na uwanja uko nyuma ya ukuta wetu. La pili ni joto: chumba kina paa la mabati bila dari, na Kisumu saa tano mabati yanapumua moto. Walimu karibu wote tulisema kelele. Lilikuwa jibu la haraka, na tungeweza kwenda kununua vikinga masikio vya mafundi siku hiyo hiyo.

Badala yake tulibadilisha kitu kimoja tu. Saa tano ile ile, beseni lile lile, tulilitoa nje chini ya mwembe. Kule kelele ni kubwa zaidi, kwa sababu uwanja unaonekana kabisa, lakini kuna upepo na kivuli. Ikiwa tatizo ni kelele, mtoto angezidi kuharibikiwa. Alicheza dakika saba. Kesho yake tukarudia, akacheza sita. Siku ya tatu tukarudi ndani, na kabla ya kukaribia beseni akanawa mikono kwa maji baridi na kuikausha vizuri. Akacheza dakika tano, ndani, pamoja na makelele yote. Jibu lilikuwa jasho. Kiganja chenye jasho kinageuza mchanga safi kuwa tope jembamba lisilofutika, na kwa mtoto huyu hilo lilikuwa sawa na kumpaka gundi. Kwa watoto wengine wawili kelele ndiyo iliyokuwa shida kweli, kwa hiyo jibu lake halihamishiki. Kinachohamishika ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati, siku mbili tatu, kabla ya kusema umejua.

Siku hizi kila mtoto ananawa na kukausha mikono kabla ya beseni. Maji hayo yanatoka kwenye tangi la mvua. Vitengo vilivyo karibu na ziwa huwa na kishawishi cha kuchota huko, na kichocho kinasubiri. Maji ya ziwani yakikaa ndani ya chombo kilichofunikwa siku mbili kamili, vimelea vya kichocho vinakuwa vimekufa, lakini vya kipindupindu na kuhara havifi kwa kukaa tu, kwa hiyo kwa mtoto anayelamba mikono maji hayo bado hayafai bila dawa au kuchemshwa. Na beseni la maji halibaki bila mtu, hata la kina cha kidole. Baadhi ya watoto wenye usonji wana kifafa pia, na mtoto akianguka kifudifudi majini hahitaji maji mengi.

Kuna watoto ambao mchanga haufai kabisa. Msichana wa miaka mitano tuliyenaye hula kila kinachoshikika: udongo wa ukutani, chaki, nyuzi za mkeka. Kwanza tulimshauri mama yake ampeleke kituo cha afya akapimwe damu na minyoo, maana kula udongo mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa damu, na huku kwetu odowa, udongo wa kula, huuzwa sokoni, kwa hiyo watu huona ni jambo la kawaida. Wakati huo huo beseni lake ni ugali. Ndiyo, ugali: unga mweupe, umesongwa mgumu, umepoa hadi uwe vuguvugu, donge la ukubwa wa ngumi mbili. Anaukanda, anauvunja, anatoboa kwa kidole, na akiula amekula. Hauwezi kukaa hadi kesho, unachacha. Tulipowaeleza wazazi kwamba ni donge moja na kwamba huishia tumboni, swali la mlangoni halikurudi.

Unga wa kuchezea wa chumvi, ule wa vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi, vijiko 2 vya mafuta na maji kidogo kidogo hadi ukae, ni mzuri na hudumu wiki mbili kwenye mkebe uliofungwa. Kwa msichana huyu ni marufuku. Chumvi nyingi kiasi hicho ikiingia kwa mtoto mdogo inaweza kumletea degedege.

Nimesema vituo ni vitatu, na kwa kweli mpangilio wake una uzito kuliko vitu vyenyewe. Kubeba kunatangulia. Mtoto akifika beseni moja kwa moja kutoka kwenye matatu ya asubuhi, mwili bado unavuma, na kugusa kunamchoma. Akisukuma au kubeba kitu kizito kwanza, misuli na viungo vinapata kazi na anashuka. Kwa mvulana wa kilo 22 tunatumia mtungi wa lita 5 uliojazwa lita 2 tu. Tunakadiria isizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Anaubeba kutoka tangini hadi kwenye miche ya sukuma wiki nyuma ya jiko, hatua thelathini hivi, anamwagilia, anarudi. Safari tano. Kubeba bila sababu, mtungi uende na urudi, watoto wanagundua haraka na wanauacha njiani. Wasiopenda mtungi wanasukuma tairi la lori lililolala chini, au wanausukuma ukuta kwa viganja huku wakihesabiwa hadi kumi. Dakika kumi, kisha kunawa, kisha beseni dakika tano hadi nane, kisha utulivu.

Dakika nane ni mwisho hata kama mtoto anafurahia. Anayefikishwa hadi achoke ataikumbuka ile hali ya kuchoka. Tunageuza chupa ya mchanga: chupa mbili za soda zimeunganishwa mdomo kwa mdomo kwa kifuniko kilichotobolewa, mchanga unashuka mbele ya macho yake. Na neno la kumaliza ni lile la nyumbani. Watoto wanaotoka kwenye nyumba za Kijaluo wanasikia "oserumo", si "imekwisha", na tofauti inaonekana usoni.

Pembe ya utulivu ni nafuu: leso mbili za kitambaa kizito zimetundikwa kwenye kamba, mkeka wa mafunjo, mto uliojazwa pamba. Mtoto huingia kwa hiari yake na hutoka kwa hiari yake. Siku tutakayomtuma huko kama adhabu ya kosa, pembe hiyo itakuwa imekufa, kwa sababu hataingia tena akiwa na shida. Blanketi zito tumekataa. Mwaka 2008 mtoto wa miaka tisa mwenye usonji alifariki huko Kebek, Kanada, baada ya kuviringishwa ndani ya blanketi la aina hiyo shuleni. Anayetaka kubanwa anajilaza chini ya mto na kuusukuma mwenyewe akitaka kutoka.

Kuhusu mvua juu ya mabati hatujapata dawa. Trei za mayai tulizobandika zilipunguza mwangwi wa sauti za chumbani, lakini mvua inalipiga paa lenyewe, na karatasi haiwezi kitu. Dari yenye nafasi ya hewa ingesaidia, na bei yake hatuiwezi. Kwa hiyo tunafanya vituo asubuhi, kwa kuwa mvua nyingi huku hushuka alasiri, na vikinga masikio viko kwenye msumari mlangoni. Vinavaliwa mvua ikinyesha na kuvuliwa ikikatika. Mtoto mmoja aliachiwa avivae kutwa nzima, na baada ya wiki mbili hata kijiko kikigonga sahani kilimfanya aruke.

Yule mvulana sasa anachota mchanga kwa mikono miwili na kuumwaga taratibu, akitazama unavyoshuka. Baada ya vituo anakaa mezani kupanga kadi dakika kumi na mbili. Mwanzoni dakika zilikuwa tatu, na hicho ndicho kipimo tunachokiandika, kwa sababu mchanga wenyewe si somo. Gundi bado haigusi. Ugali, nyanya yake anasema, anaula kwa mkono iwapo tu umeshapoa na bakuli la maji limewekwa karibu naye, na mezani kwao sasa bakuli hilo halihami.